Barua ya mwenyekiti kwa wanachama: maswali mnayouliza kuhusu kushuka kwa malipo ya kahawa, msimu wa 2018/2019

Ndugu wanachama,

Tangu malipo ya pili yatoke, nimeulizwa maswali yale yale ofisini, misibani, na hata nikiwa nimebeba ndoo ya cheri kwenye mashine ya kumenya. Wengine wameuliza kwa hasira, na wana haki, maana ada za shule hazikushuka pamoja na bei ya kahawa. Nimeyakusanya maswali hayo hapa ili kila mmoja apate jibu lile lile. Kiasi cha shilingi katika swali la 5 nimekisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Hati halisi za mauzo ziko ofisini, na swali la 9 linaeleza jinsi ya kuzisoma.

## Bei inatoka wapi

1. Nani hasa anapanga bei ya kahawa yetu?

Si chama, si Bodi ya Kahawa, wala si mnunuzi mmoja anayekaa Moshi. Kahawa ya arabika duniani kote hupimwa kwa bei ya soko la bidhaa la New York, inayotajwa kwa senti za Dola ya Marekani kwa ratili moja. Robusta ya wenzetu wa Kagera ina soko lake London. Wanunuzi wanapokuja kwenye mnada wa Moshi wameshaangalia bei ya New York ya siku hiyo, kisha wanaongeza au kupunguza kidogo kulingana na ubora wa kahawa iliyo mbele yao.

Mnadani bei hutajwa kwa dola kwa gunia la kilo 50 za kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Kilo 50 ni ratili 110 na ushee. Ukisikia redioni bei ya New York, zidisha senti hizo kwa 1.1, utapata dola za gunia la kilo 50. Senti 130 ni kama dola 143. Senti 95 ni kama dola 104 na nusu. Shikeni hesabu hiyo, tutaitumia tena huko chini.

2. Kwa nini bei ya dunia ilishuka?

Sababu kubwa ni Brazili, na imeingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni mavuno. Mibuni ya arabika ya Brazili huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, na 2018 ulikuwa mwaka wa kuzaa. Walivuna zaidi ya magunia milioni 60 ya kilo 60, kiasi ambacho hawakuwahi kukifikia. Agosti 2018 bei ya New York ikaenda chini ya senti 100, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2006. Aprili 2019 ikashuka hata chini ya senti 90.

Mlango wa pili ni sarafu yao, na huu watu wengi hawauoni. Mwanzoni mwa 2018 dola moja ilikuwa kama reali 3.2 na ratili ya kahawa ilikuwa kama senti 125, kwa hiyo ratili moja ilikuwa na thamani ya reali 4. Kufikia Septemba dola ilikuwa zaidi ya reali 4.1. Hata bei ilipokuwa senti 100, ratili ile ile bado ilikuwa na thamani ya reali 4 na kidogo. Mkulima wa Brazili hakuona maumivu tuliyoyaona sisi, akaendelea kuuza bila kusita. Shilingi yetu wakati huo ilitulia karibu na 2,300 kwa dola, kwa hiyo kila senti iliyopungua New York ilitufikia kihambani nzima nzima.

Wapo pia wafanyabiashara wa fedha ambao hawajawahi kugusa punje ya kahawa. Mwaka 2018 waliuza mikataba mingi sana wakitegemea bei iendelee kushuka, na hilo liliisukuma chini zaidi. Lakini wao walifuata mavuno, hawakuyaleta.

3. Kahawa ya Kilimanjaro ina jina. Kwa nini ihukumiwe na mavuno ya Brazili?

Kwa sababu mwenye kiwanda cha kukaanga huchanganya. Akipata kahawa ya Brazili kwa bei ya chini, anapunguza sehemu ya kahawa ya milimani ndani ya mchanganyiko wake, au anatuambia tushushe ndipo aendelee kununua kiasi kile kile. Jina letu linatupa nyongeza juu ya bei ya New York, lakini halituondoi kwenye ngazi yenyewe. Tanzania nzima hutoa chini ya asilimia 1 ya kahawa ya dunia. Tukigoma kuuza, soko halitajua.

4. Je, bei haikushuka kwa sababu wanunuzi binafsi wameondolewa vijijini?

Swali hili ni la haki, kwa sababu mambo mawili yalitokea pamoja. Serikali iliagiza kahawa ikusanywe kupitia vyama vya ushirika, na msimu huo huo bei ikaanguka. Lakini Kenya, Uganda na Kolombia hakuna agizo letu, na wakulima wa huko walilia kilio hiki hiki mwaka huo huo.

Kilichobadilika kweli kweli kwa agizo hilo ni muda wa kupata fedha. Mnunuzi wa kijijini alikuwa akilipa taslimu siku hiyo hiyo, mara nyingi kwa bei ndogo, na hesabu ikaishia hapo. Sasa mnapata malipo ya awali, kisha mnasubiri mnada. Kusubiri kunachosha na kunazaa mashaka, nalielewa hilo, lakini si kusubiri kulikoshusha bei.

## Hesabu ya kilo moja

5. Wanasema bei imeshuka kama robo. Mbona malipo yangu ya pili yamepungua kwa theluthi mbili?

Hili ndilo swali lililo moyoni mwa wengi, na hapa ndipo neno "wizi" linapozaliwa. Naomba mfuate hesabu polepole.

Tuchukue kilo moja ya kahawa ya maganda, kama mnavyoipima ghalani. Kiwandani, kilo 100 za maganda hutoa kama kilo 80 za kahawa safi. Tuseme msimu uliopita kahawa yetu, madaraja yote kwa wastani, iliuzwa dola 150 kwa gunia la kilo 50. Hiyo ni dola 3 kwa kilo, au Sh6,900 kwa kilo ya kahawa safi. Chukua asilimia 80, unapata Sh5,520 kwa kila kilo ya maganda uliyoleta. Toa ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, ambao hapa nimeukata kwenye bei ya mauzo ili hesabu iwe nyepesi: Sh166. Toa gharama za kuifikisha kahawa sokoni: Sh1,000. Mkulima anabaki na Sh4,354.

Msimu huu imeuzwa dola 115. Kwa njia ile ile, kilo ya maganda ina thamani ya Sh4,232. Ushuru wa halmashauri ni asilimia, kwa hiyo umeshuka hadi Sh127. Lakini zile Sh1,000 hazikushuka. Lori linalopeleka magunia Moshi halijui bei ya New York, na kiwanda kinakoboa kwa kilo, si kwa thamani. Mkulima anabaki na Sh3,105. Bei ya mnada imeshuka kwa asilimia 23, fungu la mkulima limeshuka kwa asilimia 29, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kulipwa, na anachukua kinachobaki baada ya wengine wote kutoa chao.

Sasa ongeza malipo ya awali. Misimu yote miwili tulilipa Sh2,500 kwa kilo siku ya kupokea kahawa. Msimu uliopita malipo ya pili yakawa Sh1,854. Msimu huu yakawa Sh605. Mwanachama aliyeleta kilo 100 alipokea Sh185,400 mara ile, na safari hii Sh60,500. Ukiziangalia bahasha hizo mbili peke yake, utaona theluthi mbili zimetoweka. Lakini anguko lote, pamoja na gharama zisizopungua, limeelemea bahasha ya pili, kwa kuwa ya kwanza tuliiacha kama ilivyokuwa. Linganisha jumla na jumla: Sh435,400 kwa Sh310,500. Bado ni hasara kubwa, na siifichi, lakini ndiyo hasara yenyewe.

6. Hizo Sh1,000 ni za nini, na haziwezi kupunguzwa?

Ni usafiri kutoka ghala letu, ada ya kukoboa na kupanga madaraja, magunia, ghala na bima, riba ya mkopo wa malipo ya awali, na ushuru wa chama unaomlipa karani na mlinzi.

Riba ndiyo inayoweza kuguswa haraka zaidi. Tukikopa Sh2,500 kwa kila kilo kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, kila mwezi kahawa inaokaa bila kuuzwa unakula Sh37.50 za kila kilo. Mwanachama anayechelewesha kahawa yake nyumbani kwa wiki kadhaa huchelewesha shehena nzima, maana lori haliondoki nusu. Usafiri pia hupungua kwa kilo tukijaza lori. Gharama za karani na mlinzi hupungua kwa kilo pale tu tukikusanya kahawa nyingi zaidi, na mwaka wa mavuno haba hupanda zenyewe.

7. Mimi nilileta kahawa nzuri, jirani yangu alileta mbovu. Kwa nini tumelipwa sawa?

Kwa sababu kahawa za maganda zilizochakatwa nyumbani tunazichanganya ghalani kabla ya kupeleka kiwandani, na kinachouzwa ni mchanganyiko. Kiwandani punje hupitishwa kwenye chekeche na kupangwa: AA ndizo kubwa zaidi, kisha A, B, PB ambazo ni zile punje moja za mviringo, na kushuka hadi madaraja ya punje ndogo, nyepesi na zilizovunjika. Baada ya hapo huonjwa.

Punje moja iliyochacha kwa sababu iliachwa na ute siku nyingi inaweza kuharibu kikombe kizima mezani kwa mwonjaji. Karani anapopokea, anauma punje na kunusa, lakini pua haigundui kila kitu. Walioleta cheri mbivu kwenye mtambo wa pamoja kahawa yao imeuzwa shehena ya peke yake na italipwa peke yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia pekee ya haki kwa mkulima anayechuma nyekundu tupu, na ningependa kila mmoja aingie huko.

8. Chama cha jirani kimelipa zaidi yetu. Hawauzi soko lile lile?

Soko ni lile lile, lakini siku si ile ile na kahawa si ile ile. Shehena iliyoingia mnadani wiki ambayo New York ilipanda kwa senti 10 ilipata dola 11 zaidi kwa gunia. Pia angalia kiasi kilichotoka baada ya kukoboa. Kahawa iliyoanikwa vizuri kwenye vichanja, ikashuka hadi unyevu wa asilimia 11 au 12, inaweza kutoa kilo 82 kwa 100. Iliyochanganyika na punje changa na zinazoelea majini inaweza kutoa 76. Tofauti hiyo, kwa bei ya Sh5,290 kwa kilo safi, ni Sh317 kwa kila kilo ya maganda. Ni zaidi ya nusu ya malipo yenu ya pili.

Kabla ya kulinganisha, uliza pia malipo yao ya awali yalikuwa kiasi gani. Ulinganisho wa bahasha ya pili peke yake hupotosha, kama swali la 5 linavyoonyesha.

## Kuhakiki

9. Nitajuaje kwamba ni bei ya dunia na si viongozi?

Njoo ofisini na stakabadhi zako za kupokelea kahawa. Uliza hati tatu: orodha ya kilo za maganda zilizopelekwa kiwandani, taarifa ya kiwanda inayoonyesha kilo safi zilizotoka kwa kila daraja, na hati za mauzo ya mnada zenye namba ya shehena, daraja, idadi ya magunia na bei kwa dola.

Fanya mambo mawili. Kwanza, jumla ya kilo za stakabadhi za wanachama wote lazima ilingane na kilo zilizopokelewa kiwandani, ukiacha upungufu mdogo wa kukauka. Kama kilo nyingi zimepotea njiani, hilo si la New York. Pili, chukua bei ya New York ya wiki ya mauzo, zidisha kwa 1.1, kisha ulinganishe na bei tuliyouzia. Katika mfano wetu, msimu uliopita senti 130 zilikuwa dola 143, tukauza 150, yaani dola 7 juu. Msimu huu senti 95 zilikuwa dola 104 na nusu, tukauza 115, yaani dola 10 na nusu juu. Pengo halikuporomoka, kwa hiyo anguko limetoka nje. Mwaka ambao New York imesimama na pengo letu likageuka kuwa chini, hapo tuitane: ni ubora, ni kuchelewa kuuza, au kuna mtu wa kujieleza.

Hesabu za mwaka hukaguliwa na COASCO, na taarifa ya ukaguzi husomwa kwenye mkutano mkuu. Msikubali isomwe harakaharaka.

## Je, tungeweza kufanya vingine?

10. Kwa nini hamkusubiri bei ipande?

Tungesubiri kutoka Agosti 2018 hadi Aprili 2019, tungekuta bei imeshuka zaidi, na riba ya miezi minane, kwa hesabu ya swali la 6, ingekuwa imekula Sh300 katika zile Sh605. Kahawa pia huchoka. Ikikaa muda mrefu ghalani hupoteza rangi na harufu, na mwonjaji huitambua kuwa ya zamani. Anayeweza kusubiri ni yule asiye na mkopo na mwenye ghala kavu. Sisi tulikuwa na mkopo.

11. Na soko la Fairtrade? Si lina bei ya chini kabisa?

Ndiyo. Kwa arabika iliyooshwa, bei yao ya chini msimu wa 2018/2019 ilikuwa senti 140 kwa ratili, na senti 20 juu yake kwa ajili ya miradi ya chama. New York ikiwa senti 95, faida yake inaonekana bila darubini. Mipaka yake ni miwili. Bei hiyo ni ya kahawa iliyofikishwa melini, kwa hiyo gharama hadi bandarini hutoka humo. Na cheti hakikuahidi mnunuzi: unaweza kuwa nacho na bado ukauza sehemu ndogo tu kwa bei hiyo, iliyobaki ikaenda mnadani kama ya wengine, huku ada ya cheti ukiilipa yote.

12. Hatuwezi kufunga bei mapema, kabla haijashuka?

Kwa mikataba ya New York, si peke yetu. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, karibu tani 17, sawa na magunia 340 ya kilo 50. Bei ikipanda baada ya wewe kuifunga, wanakudai fedha papo hapo kabla hujauza hata gunia moja. Chama cha msingi hakina fedha hizo. Kinachowezekana ni chama kikuu kukubaliana bei na mnunuzi wa moja kwa moja kwa sehemu ya kahawa, mapema. Tungepata uhakika, na mwaka wa bei kupanda tungekosa nyongeza.

13. Wazee wanasema zamani bei ililindwa. Ni kweli?

Ni kweli kwa kipindi fulani. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uliwagawia wazalishaji kiasi cha kuuza nje ili soko lisifurike. Migawo hiyo ilivunjika Julai 1989 na bei ikaanguka. Mwaka 2001 ilishuka chini ya senti 50. Na ugomvi kuhusu malipo si wa leo: mwaka 1937, miaka minne tu baada ya KNCU kuundwa, wakulima wa hapa hapa Uchagga walifanya ghasia dhidi yake, wakiwa wamechoshwa na bei duni na kulazimishwa kuuza kupitia chama.

## Hali za pekee

14. Mlanguzi ananipa fedha sasa kwa kahawa iliyo bado mtini. Nikubali?

Wenzetu wa Kagera huita biashara hiyo butura. Mlanguzi hukata bei ya chini ili ajilinde dhidi ya anguko kama hili, kwa hiyo hasara yote ya mashaka umeibeba wewe. Aidha, biashara hiyo imepigwa marufuku, na ukidhulumiwa huna pa kushitakia. Mwenye shida ya ada au ya hospitali aje ofisini kwanza. Tutaangalia kama stakabadhi zake zinaweza kumdhamini.

15. Ning'oe mibuni nipande nyanya?

Mbuni mpya huanza kuzaa mwaka wa tatu, na uliokatwa shina ili uchipue huchukua kama miaka miwili. Ukiung'oa leo, hutakuwepo sokoni bei itakapogeuka. Brazili ilipopigwa na baridi kali Julai 1975, bei ilifika zaidi ya dola 3 kwa ratili mwaka 1977, na waliokuwa na mibuni ndio walioiona.

Lakini sitamwambia mtu aitunze mibuni isiyomlipa. Aina za zamani kama N39 na KP423 zinahitaji kupuliziwa dawa mara nyingi dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Mkulima akikosa fedha za dawa, punje zinaoza mtini, zilizobaki ni nyepesi, na mwaka unaofuata anapigwa mara mbili, na bei na ubora. Sehemu hiyo ya kihamba ibadilishe polepole kwa miche ya TaCRI Lyamungu inayostahimili magonjwa, mstari kwa mstari, migomba ikibaki. Nyanya weka pale ambapo mibuni imekwisha kuchoka na kuna maji ya mfereji.

16. Msimu ujao malipo ya awali yatakuwa kiasi gani?

Bodi ya chama itapendekeza Sh2,000, na ninyi mtapiga kura kwenye mkutano mkuu. Najua hamtafurahi. Tukirudia hesabu ya swali la 5, kwa dola 100 kwa gunia mkulima anabaki na Sh2,570. Kwa dola 95 anabaki na Sh2,391. Tukiwa tumeshalipa Sh2,500, chama kitakuwa kimemlipa kila mmoja Sh109 kwa kilo ambazo kahawa haikuzizalisha, na benki itazidai. Deni hilo lingekatwa kwenye kahawa ya mwaka unaofuata, hata kwa mwanachama ambaye hakuwahi kuona faida yake. Kwa Sh2,000 bahasha ya kwanza ni nyembamba, lakini kitakachopatikana juu yake mnadani kitakuwa chenu.